Kabla Hujaongeza "Tafadhali"

Jirani yangu hapa Tanga anapika kwenye shughuli. Harusi, maulidi, hitima, mahafali, popote panapohitaji sufuria kubwa na watu wa kukesha nazo. Jioni moja alikuja barazani kwangu ameshika simu. "Kaka, nisomee hii kabla sijaituma. Mwanangu anasema ina ukali, eti niongeze tafadhali."

Kisa chenyewe si kigeni. Alipika harusi ya watu 200 kwa shilingi 1,400,000. Akalipwa sehemu kubwa mapema, ikabaki 380,000. Mama wa bwana harusi, mtu mzima anayeheshimika mtaani kwao, aliahidi kuimaliza Ijumaa iliyofuata. Sasa ilikuwa imepita wiki ya tatu. Ujumbe ulikuwa huu:

"Mama, mpaka leo hujanilipa. Uliniahidi Ijumaa, Ijumaa imepita. Nimekupigia mara tatu hupokei. Unajua kabisa kwamba chakula kilitosha na wageni wote walikula. Tafadhali lipa leo kabla ya saa kumi."

Tafadhali ilikuwamo tayari.

Nilimwonyesha, akacheka, akaenda kuulainisha. Baada ya nusu saa alirudi na mwingine. Mpwa wake anayefanya kazi ofisini akamwandikia wa tatu. Nimeomba ruhusa yake niziweke rasimu zote tatu hapa, kwa sababu zinaonyesha jambo ambalo wengi tunalikosea: tunaanza kurekebisha maandishi kabla hatujajua yanaumwa nini. Ujumbe mkali, ujumbe mnyonge na ujumbe mkavu hautibiwi kwa dawa moja. Mara nyingi dawa ya mmoja ndiyo sumu ya mwingine.

Huu ndio wa pili:

"Shikamoo mama. Samahani sana mama yangu kwa kukusumbua tena. Najua una mambo mengi na mimi sistahili kukuongezea mzigo. Ila nimekwama, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, silali nikiwaza. Hata ukinipa elfu hamsini nitashukuru. Nisamehe kama nimekukosea, nakutegemea wewe tu. Mungu akubariki."

Na wa mpwa:

"YAH: SALIO LA HUDUMA YA CHAKULA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Huduma ilitolewa kama ilivyokubaliwa. Salio la shilingi 380,000 halijalipwa hadi sasa. Malipo yanatakiwa kukamilishwa ndani ya siku saba. Asante kwa ushirikiano."

Deni ni lile lile na anayedaiwa ni yule yule. Lakini wa kwanza unambana mama wa watu, wa pili unamlilia, na wa tatu unaongea naye kama ukuta. Ajabu ni kwamba aliyeandika hakusikia lolote kati ya hayo. Kwenye ule wa kwanza jirani yangu aliniapia kwamba ameandika "kawaida tu".

Alikuwa mkweli. Mwaka 1990, Elizabeth Newton, aliyekuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alifanya jaribio la kuchekesha kidogo. Mtu alitakiwa kugonga meza kwa kidole akifuata mapigo ya wimbo unaojulikana na kila mtu, na mwenzake autambue. Wagongaji walikisia kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilitambuliwa 3. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani, na maneno yake na ala zake. Msikilizaji alisikia ko, ko, ko.

Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti unaofanana na huo, safari hii kuhusu barua pepe. Watu waliandika sentensi, nyingine za kejeli na nyingine za kweli, wakatabiri kwamba wasomaji wangezitofautisha kwa karibu asilimia 78. Wasomaji walipatia asilimia 56, na hiyo haipishani sana na kurusha sarafu. Waliosikia sentensi hizo kwa sauti walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo usimlaumu mwandishi kwa kutojua ujumbe wake unasikikaje. Anapoisoma rasimu yake, sauti yake mwenyewe inamsomea, na sauti hiyo haisafiri na ujumbe.

Kinachotakiwa basi ni namna ya kuisoma rasimu bila kuitegemea sauti hiyo. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna bahati moja hapa. Kitenzi chetu hubeba mtendaji mlangoni. Ukitaka kujua nani anasimamishwa kizimbani katika barua, huna haja ya kubahatisha: chukua kalamu, upigie mstari mwanzo wa kila kitenzi.

Tulifanya hivyo pale barazani. Katika rasimu ya kwanza mna vitenzi tisa. Vinne vinamtaja mama kama mtendaji: hujanilipa, uliniahidi, hupokei, unajua. Cha tano, lipa, hakina hata kiambishi cha mwanzo. Ni amri, shina tupu, na anayeamriwa ni yeye. Mwandishi mwenyewe ametokea mara moja tu, kwenye nimekupigia, na hata hapo amempigia yeye. Mama huyu kila akigeuka anakutana na kidole. Tena viwili kati ya vitenzi vyake ni vya kukanusha, hujanilipa na hupokei. Viambishi vya u- na hu- vikijaa namna hiyo, rasimu inabana, hata kama kila neno ndani yake ni la kweli.

Rasimu ya pili imegeuka upande. Hesabu nafsi ya mwandishi: najua, sistahili, nimekwama, silali, nikiwaza, nitashukuru, nimekukosea, nakutegemea. Nane. Mama mwenyewe yumo mara tatu, anapokuwa na mambo mengi, anapotoa elfu hamsini na anapoombwa asamehe. Barua iliyopaswa kuwa ya deni imekuwa barua ya hali ya mwandishi. Hiyo ndiyo rasimu nyonge, ile inayolialia.

Kwa ya tatu tafuta herufi moja tu, w. Ilitolewa, ilivyokubaliwa, halijalipwa, yanatakiwa, kukamilishwa. Hakuna aliyepika, hakuna aliyekula, hakuna anayedaiwa. Huduma ilitolewa, labda na malaika. Kitenzi pekee chenye mtu nyuma yake ni lile husika la mwanzo, nalo ni neno la fomula ambalo ofisi zetu zimelirithishana mpaka hakuna anayelisikia tena. Barua yenye vitenzi vya kutendwa vitupu ndiyo tunayosema imeandikwa kavukavu.

Kuhesabu viambishi hakumalizi kazi. Kunakwambia nani yumo na nani hayumo, lakini hakukwambii msomaji anajisikiaje akiwamo. Kwa hilo nina mazoea mengine, na nadhani ndiyo yanayofaa kuliko yote: kando ya kila sentensi, andika jibu ambalo msomaji angelitoa kimoyomoyo pale pale, kabla hajafika sentensi inayofuata. Usiandike jibu la adabu atakalokutumia. Andika lile la moyoni.

Jirani yangu alilipenda zoezi hili, kwa kuwa anamjua yule mama vizuri na anaweza kumwigiza. Kwenye "mpaka leo hujanilipa" akamjibia: "Kwani nimehama?" Kwenye "nimekupigia mara tatu hupokei": "Na kama nilikuwa msibani?" Kwenye "unajua kabisa": "Kumbe mimi mwongo sasa." Kwenye "lipa leo kabla ya saa kumi": "La sivyo?" Majibu manne, na hakuna hata moja linalohusu fedha. Yote ni ya kujitetea. Hiyo ndiyo dalili ya kubana: msomaji anatumia nguvu zake zote kujikinga, haimbakii nguvu ya kufikiria ombi lako.

Akaigeukia ya pili. "Samahani kwa kukusumbua": "Haya, nini tena?" "Sistahili kukuongezea mzigo": "Basi mbona unaniongezea?" "Silali nikiwaza": "Pole, mwanangu." "Hata ukinipa elfu hamsini": "Hiyo naweza kuipata." Hapo jirani yangu akanyamaza, akaisoma upya rasimu yake. "Kaka, laki tatu na themanini sikuitaja popote."

Hakuitaja kweli. Alikuwa amelipunguza deni lake kwa mkono wake mwenyewe, kutoka 380,000 hadi 50,000, na kuomba radhi mara mbili kwa kosa la kudai haki yake. Rasimu nyonge mara nyingi huwa hivyo. Msamaha ni mwingi, sababu za huruma ni nyingi, na kile kinachotakiwa hakionekani, au kimeandamana na "hata kama ni kidogo", "ukijaaliwa", "si lazima". Msomaji si kwamba anakasirika. Anaona aibu kidogo kwa niaba yako, anakupa pole, anaahirisha. Na akijibu, atajibu machozi badala ya hesabu.

Ya tatu ilipata majibu mafupi. "Hii imetoka wapi?" "Nimefikishwa mahakamani?" "Siku saba kuanzia lini?" Swali la kwanza ndilo la kushika. Barua kavu humfanya msomaji atafute mtu aliyeandika, na asipompata anadhania mabaya. Pengine mtu huyu ana hasira kiasi cha kuondoa hata salamu, au ameshakwenda kwa mwanasheria. Maneno yenyewe hayana tusi hata moja. Ubaya unatokana na pengo lililoachwa na mtu ambaye juzi tu mlikuwa mnaonja pilau pamoja.

Mtu anaweza kuuliza: kavu na kali tutazitenganishaje, maana zote hazina utamu? Kwa macho tu zinafanana. Lakini kali inakufukuza kwa miguu, na kavu imekufungia mlango. Ile kali ina muda wa mwisho mfupi, ina "unajua", "nilishakwambia", "mara ngapi", na inamtaja msomaji kila mstari. Ile kavu haimtaji. Ukitaka kuhakikisha, ibadilishe jina la anayepelekewa. Barua ya mpwa unaweza kuipeleka kwa kampuni, kwa kanisa au kwa mtu usiyemfahamu, bila kugusa neno. Ya kwanza huwezi, imeshonwa kwa vipimo vya mama yule.

Hapa ndipo lile neno tafadhali linapotuponza. Wengi tunalichukulia kama sukari, kwamba kilicho kichungu kikiongezewa kitalainika. Sikiliza linavyotumika kwetu. Katika mazungumzo ya kawaida Tanzania, kazi ya upole hufanywa zaidi na naomba. Tafadhali unaikuta kwenye mabango, ukikatazwa kuegesha gari au kukojoa, na unaisikia pale mtu anapomwonya mwenzake aliyevuka mpaka: "Tafadhali bwana!" Likitangulia amri, hasa amri yenye saa, halilainishi kitu. Linaipa amri kofia. Ndiyo maana ushauri wa yule mtoto, japo ulikuwa wa nia njema, usingesaidia hata kama angeongeza tafadhali tatu.

Kinachopunguza ukali ni umbo la kitenzi. Lipa ni amri. Ulipe imeshuka kidogo. Naomba ulipe imeshuka tena, na naomba unijulishe utaweza lini imemwachia msomaji nafasi ya kusema jambo. Lakini ngazi hii ina chini yake. Ukiteremka zaidi unafika "ningekuwa naomba kama ingewezekana ungenisaidia angalau", na hapo umeshapita adabu na kuingia unyonge. Viambishi vya -nge- vinavyofuatana vitatu katika sentensi moja ni alama ambayo sijawahi kuona ikikosea.

Ngazi yenyewe haiko kimo kimoja kila mahali. Mtu wa Nairobi akiingia mgahawani akasema "nipe chai", hajamkosea mtu. Akisema hivyo Dar es Salaam chai italetwa, ila mhudumu atakuwa amemsikia. Kinyume chake, naomba ya Mtanzania anayenunua maji ya chupa kwa fedha zake huwashangaza baadhi ya Wakenya, wakahisi anaomba sadaka. Kwa hiyo unapopima rasimu, ipime kwa sikio la kule inakokwenda. Rafiki aliyezoea Kiswahili cha Mombasa anaweza kukuhakikishia kwamba barua ni ya upole, akawa sahihi kwa Mombasa.

Kuna ujanja mmoja wa rasimu ambao hunipita hata mimi. Mwandishi anaposhuku kwamba amekuwa mkali, hulainisha kingo na kuacha katikati kama palivyokuwa. Anaanza na "Natumai u mzima wa afya", anamaliza na "Nakutakia siku njema", na kati yake pana kesi. Jicho linalopitia haraka huona salamu na baraka, linaridhika. Kwa hiyo funika sentensi ya kwanza na ya mwisho kwa kiganja, usome kilichobaki. Toni ya kweli inakaa humo. Rasimu ya mpwa, ukiufunika ule "asante kwa ushirikiano", inabaki mifupa. Rasimu ya pili ukiifunika shikamoo na Mungu akubariki haibadiliki hata kidogo, imelia toka juu hadi chini.

Na kama una mtu karibu, mpe aisome kwa sauti, wewe ukisikiliza. Usimweleze chochote kwanza. Ukianza na "unajua nilikuwa namaanisha", umeshamwimbia wimbo kabla hujagonga meza. Sikiliza anapokazia sauti mahali ambapo wewe hukukazia. Jirani yangu alipomsikia binti yake akisoma "unajua kabisa", aliruka kwenye kiti. Kichwani mwake sentensi ile ilikuwa na tabasamu: unajua kabisa, mama, chakula kilitosha, tulifurahi wote. Binti aliisoma kama polisi.

Si kila ubaya wa barua unatokana na toni. Habari ya deni ni nzito hata ikiandikwa kwa asali, na ujumbe wa nne ndani ya siku mbili utabana hata ukiwa na neno moja. Ujumbe uliotumwa saa tano usiku una ukali wa saa. Ukiyachanganya hayo na toni utahangaika na maneno yasiyo na kosa. Tena ukavu una mahali pake. Kama mama yule angekana deni na shauri likaelekea baraza la kata, barua ya mpwa ndiyo ingefaa kubaki kwenye faili. Toni si nzuri wala mbaya yenyewe. Swali ni kama ndiyo uliyokusudia.

Tulipokwisha kuzipa rasimu majina yao, kuandika upya hakukuchukua hata dakika kumi. Ile kali haikuhitaji utamu. Ilihitaji u- zipungue, na mahali pa "hujanilipa" paingie "sijaipata", ambayo ni habari ile ile bila kidole. Ile nyonge haikuhitaji upole zaidi, kwa kuwa upole ndio uliokuwa umeizamisha. Ilihitaji kiasi kamili kitajwe na radhi ziondolewe. Ile kavu ilikuwa na kiasi tayari, ikakosa mtu. Jirani yangu akachukua shikamoo ya pili, tarakimu za tatu, na ile Ijumaa ya kwanza, akaandika:

"Shikamoo mama. Habari za tangu shughuli? Lile salio la chakula, shilingi 380,000, tulisema lingefika Ijumaa ile, ila bado sijalipata. Jumanne naingia sokoni kununua vitu vya harusi nyingine na nilipanga kutumia fedha hiyo. Naomba unijulishe kama itaweza kufika kabla ya hapo, au siku gani itakufaa. Namba yangu ni ile ile."

Tukayaandika majibu ya moyoni. Kwenye sentensi ya nne, kwa mara ya kwanza jioni ile, mama wa kuigiza alijibu kuhusu salio lenyewe: "Jumanne ni karibu mno, labda nitume nusu."

Yule wa kweli alipiga simu Jumapili. Alikuwa Lushoto kwenye msiba wa kaka yake tangu wiki iliyotangulia. Alituma 300,000 usiku huo, akaahidi zilizobaki mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi ukapita. Juzi jirani yangu amekuja tena na simu, safari hii rasimu ikiwa imenakiliwa kwenye karatasi na viambishi vimeshapigiwa mistari: ni- mbili, u- moja, w hakuna. Nikaisoma mara mbili, nikamwambia sioni kosa.

"Mimi naliona," akasema. "Nimeanza na samahani." Akaikata.